Jedwali la mkono la kufuatilia video za asasi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya asasi ndogo yenye chaneli ya YouTube, isiyolipia programu yoyote ya takwimu, ambayo mtu mmoja au wawili hunakili namba kila juma. Mfano unaotumika ni wa kubuni: asasi inayofundisha wakulima kukausha na kuhifadhi mahindi yasipate sumukuvu. Majina ya vitufe yameandikwa kwa Kiingereza kama yanavyoonekana kwenye skrini. Kama simu yako iko kwa Kiswahili, maneno yatatofautiana kidogo ila mahali ni palepale.

## Kuanza

Kwa nini tuandike kwa mkono wakati YouTube yenyewe inatunza takwimu?

Kwa sababu YouTube haijui mlichofanya. Inajua kwamba juma fulani video ya mahindi ilitazamwa mara 412. Haijui kwamba Jumanne ya juma hilo mlituma linki kwenye makundi ya WhatsApp ya maofisa ugani, wala kwamba Jumatano mtu wenu alihojiwa redioni. Jedwali la mkono linaweka namba na tukio kwenye mstari mmoja, na hapo ndipo namba inapoanza kusema kitu.

Sababu ya pili ni maoni. YouTube Studio, yaani ukurasa wa mwenye chaneli wa kusimamia video na kuona takwimu, inakuonyesha maoni, haikuambii kwamba kumi kati yake yanauliza jambo lilelile. Hilo lazima mtu asome na kupanga.

Tunahitaji vifaa gani?

Akaunti ya YouTube Studio, ambayo ni bure kwa kila mwenye chaneli, na jedwali moja la Google Sheets au LibreOffice Calc. Asiye na kompyuta atumie kaunta buku: kurasa mbili zinazotazamana zinatosha kwa robo mwaka, yaani majuma kumi na matatu, mstari mmoja kwa kila juma. Kaunta buku ina faida moja ambayo watu huidharau: haifutiki kwa bahati mbaya.

Anayejaza jedwali hahitaji nywila ya chaneli. Mwenye chaneli aingie Studio, `Settings`, kisha `Permissions`, amwalike kwa barua pepe akiwa na nafasi ya `Viewer`. Mtu huyo ataona takwimu zote bila uwezo wa kufuta video wala kubadilisha kitu. Nywila inayozunguka kati ya watu wanne wa kujitolea ndiyo njia ya haraka ya kupoteza chaneli.

Jedwali liwe na safu zipi?

Fungua karatasi mbili ndani ya faili moja. Ya kwanza iite `Juma`, na kila mstari uwe juma moja. Safu zake kutoka kushoto ni hizi:

- A: tarehe ya Jumatatu juma linapoanza
- B: jumla ya mitazamo, yaani mara ambazo video zote ndefu zimetazamwa juma hilo
- C hadi I: vyanzo saba (angalia sehemu ya vyanzo)
- J: hakiki
- K: WhatsApp peke yake
- L: maoni mapya
- M: maswali kati ya maoni hayo
- N: matukio
- O: jina la aliyejaza

Karatasi ya pili iite `Maoni`, na kila mstari uwe oni moja. Imeelezwa kwenye sehemu ya maoni.

Msianze na safu nyingi kuliko hizi. Muda wa kutazama, waliojiunga, umri na jinsia ni vitu vya kuvutia, lakini jedwali lenye safu thelathini hujazwa kwa mwezi mmoja kisha hufa. Zaidi ya hayo, chaneli ndogo mara nyingi haipati takwimu za umri na jinsia kabisa, kwa kuwa YouTube huzificha watazamaji wakiwa wachache.

## Mitazamo ya juma

Tujaze siku gani?

Alhamisi, kwa juma lililoishia Jumapili. Msijaze Jumatatu asubuhi, hata kama ndiyo siku ya kikao.

Sababu ni mbili. Kwanza, siku ya YouTube kwenye takwimu inafuata saa za Pasifiki za Marekani. Kwa saa za Afrika Mashariki, siku hiyo inabadilika saa 4 asubuhi wakati Marekani iko kwenye saa za kiangazi (Machi hadi Novemba) na saa 5 asubuhi miezi mingine. Kwa hiyo "Jumapili" ya YouTube inaisha Jumatatu yetu asubuhi, chai ikiwa imeshanywewa. Pili, takwimu kamili huchelewa kama siku mbili kuonekana. Ukijaza Jumatatu utanakili Jumamosi na Jumapili pungufu, na kila juma litaonekana linashuka mwishoni.

Hatua za kunakili ni zipi hasa?

Ingia YouTube Studio kwenye kivinjari, bonyeza `Analytics`, kisha `Advanced mode`. Kwenye kalenda ya juu kulia chagua `Custom`, weka Jumatatu hadi Jumapili, uhakikishe umeona tarehe zote mbili zimebadilika. Usitumie `Last 7 days`. Hiyo huhesabu siku saba za mwisho zenye data, kwa hiyo aliyefungua Alhamisi na aliyefungua Ijumaa wanapata majuma mawili tofauti.

Nakili jumla ya `Views` kwenye safu B. Kisha badilisha mpangilio uwe `Traffic source`, unakili vyanzo. Andika namba nzima kama ilivyo: 1,204 iandikwe 1204, bila mkato, maana kuna mipangilio ya lugha ambayo jedwali husoma mkato kama nukta ya desimali.

Namba inayoonekana chini ya video haifanani na ya Studio. Tuandike ipi?

Ya Studio, siku zote. Namba ya chini ya video ni jumla tangu video ilipowekwa na husasishwa kwa ratiba yake. Namba ya Studio mliyoinakili ni ya siku saba mlizochagua.

Wapo wanaosoma jumla kila Alhamisi na kutoa ya Alhamisi iliyopita, kama msoma mita ya maji. Njia hiyo ni halali na inafaa kwa mtu asiye na ruhusa ya kuingia Studio. Kosa ni kuchanganya njia mbili kwenye safu moja, kwa kuwa tofauti ya Alhamisi hadi Alhamisi si juma la Jumatatu hadi Jumapili. Mkibadilisha njia, pigeni mstari mnene na mwandike tarehe ya mabadiliko.

Namba ya juma la zamani imebadilika. Tuirekebishe?

Hapana. YouTube huendelea kuchuja mitazamo ya bandia, hivyo juma lililosoma 412 linaweza kusoma 409 baadaye. Acheni kilichoandikwa. Mkianza kurekebisha mistari ya zamani, hakuna atakayejua ni mistari ipi imeguswa na ipi haijaguswa. Kama tofauti ni kubwa, mathalani theluthi nzima imeondoka, iandikeni kwenye safu N ya juma hilo na mjiulize kama kuna mtu "aliwasaidia" kwa kununua mitazamo.

Video fupi za Shorts zinahesabiwaje?

Mkiwa nazo, ziongezewe safu yake baada ya O, zisijumlishwe na video ndefu. Tangu tarehe 31 Machi 2025, YouTube huhesabu mtazamo wa Shorts kila inapoanza kucheza au kurudia, bila kiwango cha chini cha muda. Kipimo cha zamani kinapatikana bado kwenye `Advanced mode` kwa jina la `Engaged views`. Mtu aliyepitisha kidole juu ya video yenu anahesabiwa kwenye `Views` sawa na aliyekaa kutazama namna ya kupima ukavu wa mahindi. Kwa asasi, `Engaged views` ndiyo ya kuandika.

Tumekosa juma zima. Tuweke sifuri?

Msiweke sifuri. Mwenye Studio anaweza kurudi nyuma na kuchagua tarehe za juma hilo, kwa hiyo mitazamo na vyanzo havijapotea. Kama haiwezekani, acheni chumba kitupu na mwandike "haikujazwa" kwenye safu N. Fomula za `AVERAGE` na `MEDIAN` huruka chumba kitupu lakini huhesabu sifuri kama juma ambalo hakuna aliyetazama.

## Vyanzo

Vyanzo saba ni vipi, na vinamaanisha nini?

YouTube ina orodha ndefu zaidi. Kwa asasi ndogo tunaikunja hivi:

- C, utafutaji (`YouTube search`): mtu ameandika maneno akaipata video.
- D, mapendekezo (`Suggested videos`): ametoka kwenye video nyingine.
- E, ukurasa wa mwanzo (`Browse features`): YouTube imemwekea mbele alipofungua.
- F, nje (`External`): ametoka kwenye programu au tovuti nyingine, WhatsApp ikiwemo.
- G, moja kwa moja (`Direct or unknown`): amebandika linki, au chanzo hakikujulikana.
- H, ukurasa wa chaneli (`Channel pages`).
- I, mengineyo: kila kilichobaki, kama orodha za video na taarifa za kengele.

Tutajuaje kwamba tumenakili sawa?

Safu J ipo kwa kazi hiyo. Kwenye mstari wa 6 andika:

```
=SUM(C6:I6)-B6
```

Jibu liwe 0. Likiwa na namba hasi, kuna chanzo umekisahau, na kwa kawaida ni kimojawapo cha kuingia kwenye "mengineyo". Likiwa namba chanya, umeandika chanzo kimoja mara mbili, au jumla na vyanzo vimetoka kwenye tarehe mbili tofauti kwa sababu kalenda ilirudi yenyewe. Kosa likigawanyika kwa 9 bila baki, tazama tarakimu zilizopishana: 61 iliyoandikwa 16 inaleta tofauti ya 45. Wahasibu wanaijua mbinu hii, na kwenye kaunta buku inafanya kazi vilevile.

Mitazamo imepanda. Tusomeje sababu?

Tuchukue juma la mfano lililoanza Jumatatu 9 Juni 2025. Majuma manne yaliyotangulia yalikuwa na 268, 251, 283 na 262. Juma hili lina 412. Kwanza tupate kiwango cha kawaida kwa namba ya katikati, kwa sababu wastani huvutwa na juma moja lililolipuka:

```
=MEDIAN(B2:B5)
```

Inatoa 265. Kwa hiyo 412 iko juu sana kuliko kawaida, si mtikisiko wa 20 au 30 ambao majuma yale manne yanauonyesha hata pasipo jambo lolote.

Sasa tulinganishe chanzo kwa chanzo na juma lililotangulia:

| Chanzo | 2 Juni | 9 Juni | Tofauti |
|---|---|---|---|
| Utafutaji | 91 | 148 | +57 |
| Mapendekezo | 58 | 61 | +3 |
| Ukurasa wa mwanzo | 50 | 54 | +4 |
| Nje | 21 | 97 | +76 |
| Moja kwa moja | 24 | 31 | +7 |
| Ukurasa wa chaneli | 11 | 13 | +2 |
| Mengineyo | 7 | 8 | +1 |
| Jumla | 262 | 412 | +150 |

Ongezeko la 150 limetoka karibu lote sehemu mbili. Ukibonyeza `External` unaona orodha ya ndani, na kati ya 97, WhatsApp ina 71. Safu N inasema: "10 Juni, linki imetumwa makundi ya maofisa ugani." Hapo hakuna fumbo.

Utafutaji ndio unaotaka akili kidogo. Bonyeza `YouTube search` uone maneno waliyoandika. Kama wameandika jina la asasi, au maneno yaliyotamkwa redioni tarehe 11, basi ni redio, kwa kuwa msikilizaji hana linki ya kubonyeza, ana jina tu kichwani. Kama wameandika "namna ya kukausha mahindi", huenda ni msimu tu: mikoa mingi yenye mvua za msimu mmoja iko kwenye mavuno wakati huo. Ya msimu itabaki juu majuma kadhaa. Ya redio itashuka juma linalofuata. Kwa hiyo jibu la utafutaji liandikwe kwa penseli hadi tarehe 16 na 23 zijazwe.

Tunaweza kujua ni kundi lipi la WhatsApp limeleta watu?

Kwa takwimu za YouTube, hapana. WhatsApp yote inaonekana kama chanzo kimoja, na kubandika alama za ufuatiliaji kwenye linki ya YouTube hakutawagawanyia namba hiyo. Kinachowezekana ni kutawanya siku: makundi ya maofisa ugani Jumanne, makundi ya vyama vya ushirika Ijumaa. Alhamisi mnapojaza, mtazame WhatsApp siku kwa siku. Linki hupata watu wengi zaidi ndani ya siku moja au mbili za kwanza, kwa hiyo vilele viwili vitaonekana. Andikeni kwenye safu N saa ya kutuma pia. Mkituma saa 2 asubuhi, mitazamo ya saa mbili za kwanza itaangukia tarehe ya jana (sababu iko kwenye swali la siku ya kujaza).

Kumbukeni pia kwamba linki iliyonakiliwa na kubandikwa kwenye kivinjari huingia "moja kwa moja". Safu F na G zikipanda pamoja juma la kutuma, sehemu ya G ni ya kazi ileile.

## Maoni

Karatasi ya maoni iweje?

Safu nane: A tarehe ya Jumatatu ya juma hilo, kama ilivyo kwenye karatasi ya `Juma`, B tarehe ya oni, C video, D lilipotoka (YouTube, WhatsApp, ana kwa ana), E aina, F kiini kwa maneno yasiyozidi kumi, G aliyejibu, H tarehe ya jibu. Safu E itumie maneno machache yaliyokubaliwa: swali, shukrani, lalamiko, marekebisho, takataka. Mmoja akiandika "swali" na mwingine "maswali", jedwali litahesabu moja na kuliacha jingine.

Kwenye karatasi ya `Juma`, safu L na M zitajijaza zenyewe:

```
=COUNTIFS(Maoni!A:A,A6)
=COUNTIFS(Maoni!A:A,A6,Maoni!E:E,"swali")
```

Ikileta kosa, badilisha mkato uwe nukta mkato, kwani hiyo inategemea mpangilio wa nchi wa faili. Kwenye LibreOffice Calc, andika nukta badala ya alama ya mshangao: `Maoni.A:A`, `Maoni.E:E`. Kwenye kaunta buku, piga vijiti vitanovitano chini ya kila aina kisha uandike jumla.

Je, majibu yetu wenyewe tuyahesabu?

Hapana. Idadi inayoonekana chini ya video inajumuisha majibu, yenu yakiwemo, ndiyo maana asasi inayojibu kila mtu huonekana na maoni maradufu. Hesabuni yaliyoandikwa na watu wa nje tu. Mtu mmoja akiuliza na kuendelea kuuliza chini ya jibu lenu, huo ni mstari mmoja ikiwa jambo ni lilelile.

Maoni mengine hatuyaoni kwenye video. Yako wapi?

Studio, kwenye ukurasa wa maoni, angalia `Held for review`. Chujio la YouTube huzuia oni linaloshukiwa, na maswali halali hunaswa humo pia. Fungueni kila Alhamisi bila kukosa, kabla ya kuhesabu.

Tunakili jina na namba ya simu ya mtoa maoni?

Msinakili. Mkulima anaweza kuandika kijiji chake, namba yake na kwamba mtoto aliugua baada ya kula ugali, yote kwenye sentensi moja. Kiini kinachoingia safu F ni "anauliza dalili za sumu kwa mtoto". Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, Kenya tangu 2019 na Tanzania sheria ya 2022, zinahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na jedwali lililogawiwa kwa linki kwa watu sita si mahali pa kuziweka. Kama namba iko wazi chini ya video, oni hilo lifichwe na mwandishi wake ajibiwe kwa njia nyingine.

Maoni yanatusaidia kuamua nini?

Tuendelee na juma la 9 Juni. Maoni mapya 14: maswali 9, shukrani 3, lalamiko 1, takataka 1. Ukisoma safu F, maswali 6 kati ya 9 yanauliza mifuko isiyopitisha hewa inapatikana wapi. Video imeeleza namna ya kuitumia na haikusema mahali pa kununua. Jibu moja lililoandikwa vizuri na kubandikwa juu ya maoni (`Pin`) litapunguza maswali hayo. Safu M majuma mawili yanayofuata itaonyesha kama limepunguza kweli.

## Taarifa na hali za pembeni

Mfadhili anataka namba ya mwezi. Tujumlishe majuma manne?

Rudini Studio mchague tarehe 1 hadi mwisho wa mwezi. Juni 2025 ilianza Jumapili na kuisha Jumatatu. Majuma manne ya Juni yanaacha siku mbili nje, na kuongeza majuma ya pembeni kunaingiza siku za Mei na Julai.

Tunaweza kusema mitazamo 412 ni watu 412?

Hapana. Mkulima mmoja akirudia video mara tatu shambani ni mitazamo mitatu. Studio inatoa `Unique viewers`, ambayo ni makadirio ya watu kwa kipindi kilichochaguliwa, na haijumlishwi: aliyetazama juma hili na lijalo atahesabiwa mara mbili. Kwa mwezi, chagueni mwezi mzima kwenye kalenda. Kwa upande mwingine, video iliyotazamwa na watu ishirini kwenye simu moja ya ofisa ugani ni mtazamo mmoja. Hiyo iandikwe safu N, isiongezwe safu B.

Tuna ukurasa wa Facebook pia. Tuweke safu hizohizo?

Fungueni karatasi nyingine, na msijumlishe na YouTube hata kwa ajili ya taarifa. Kila mtandao una kanuni yake ya nini kinahesabiwa kuwa mtazamo, na hubadilishwa bila kuwauliza. Takwimu za zamani huko hazipatikani kwa urahisi kama Studio, kwa hiyo kwa Facebook juma lililokosekana huenda likawa limekosekana moja kwa moja.

Aliyekuwa anajaza ameondoka. Tufanyeje?

Ondoeni ruhusa yake kwenye `Permissions`, kisha mpya ajaze juma moja ambalo tayari limejazwa, bila kutazama namba za mwenzake. Mitazamo ikipishana kwa michache ni uchujaji tu. Ikipishana zaidi, au vyanzo vikawekwa safu tofauti, kaeni mpitie swali la hatua za kunakili pamoja kabla hajaanza juma lake la kwanza.